Jinsi ya kumwandikia mwenye mkahawa kwamba kichwa cha ukurasa wake wa menyu kimebadilishwa

Mwaka jana nilibadilisha kichwa cha ukurasa wa menyu wa mkahawa mmoja hapa Nairobi, yaani ule mstari mkubwa mtu anaouona Google kabla hajaingia kwenye tovuti, bila kumwambia mwenyewe. Sababu nilikuwa nazo, na takwimu nilikuwa nazo, ila sikuandika chochote. Siku ya nne mpwa wake akautafuta mkahawa kwenye simu, akaona lile jina alilolizoea halipo, akampigia shangazi yake kumwambia tovuti imeingiliwa na wezi. Yule mama alinipigia saa tatu usiku, sauti inamtetemeka. Nilimweleza akaelewa, lakini usiku wake ulikuwa umeshaharibika. Tangu hapo kichwa cha ukurasa kikibadilika, barua pepe inaondoka siku hiyohiyo.

Nitaeleza ninavyoiandaa na ninavyoiandika, kwa kufuata kazi nyingine niliyoifanya mtaa wa South B, hapa hapa Nairobi. Mwenye mkahawa ni mama mtu mzima aliyetoka Mombasa, anapika chakula cha Kiswahili: pilau, biriani, samaki wa kupaka, mbaazi na mahamri asubuhi. Ukurasa wake wa menyu ulikuwa na kichwa kimoja tu, `Karamu ya Pwani`, jina alilolichagua mwenyewe na analolipenda. Tarakimu nilizoweka hapa nimezisogeza kidogo ili biashara yake isijulikane, ila uwiano wake ni ule ule.

Hatua ya kwanza: toa maneno ya wateja kabla hujagusa kitu

Fungua Search Console ya tovuti, chombo cha Google kinachoonyesha watu waliandika nini hadi tovuti ikatokea, nenda `Performance`, kisha `Search results`. Weka kichujio cha `Page` chenye `/menu` ili uone ukurasa huo peke yake, maana ukiuacha wazi, maneno ya ukurasa wa mbele yatakuchanganya. Weka nchi iwe Kenya. Chakula cha Kiswahili kinatafutwa na watu walioko mbali sana, na mtu aliye Toronto hatakuja kula South B leo mchana. Muda uwe miezi mitatu. Halafu washa vipimo vyote vinne juu ya grafu na usome orodha ya `Queries`.

Kwa yule mama wa South B, ukurasa ulikuwa umeonekana mara 1,840 na kubonyezwa mara 26. Kabla ya kusema lolote, ondoa maneno yenye jina la mkahawa. Anayeandika jina anakuja kwako tayari, na kichwa chochote atakibonyeza. Yalipoondoka hayo, matatu yalisimama juu ya mengine:

`biryani south b`: mara 420, kubonyezwa 5
`swahili food south b`: mara 310, kubonyezwa 4
`swahili dishes menu prices`: mara 190, kubonyezwa 1

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Angalia `Position`, yaani nafasi ya wastani. Kwa neno la kwanza ukurasa ulikuwa nafasi ya 7, na kwa la pili nafasi ya 6. Maana yake uko ukurasa wa kwanza wa matokeo, watu wanapita mbele yake, na hawaingii. Hapo ndipo kichwa kinapostahili kulaumiwa. Kama ungekuwa nafasi ya 40, hakuna kichwa ambacho kingemwokoa mama yule, kwa sababu hakuna anayeshuka hadi huko, na kumwandikia kwamba umerekebisha tatizo kwa kubadilisha mstari mmoja kungekuwa kumdanganya.

Ukitaka kuyajumlisha maneno yote, usishangae hesabu isipofika 1,840. Google huficha maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana, ili mtu asitambulike kwa alichokitafuta. Mwenye mkahawa akiiona skrini hiyo bila maelezo atadhani umemficha kitu, kwa hiyo mimi humtumia mistari mitatu niliyoinakili, si picha ya jedwali zima. Jambo jingine ni kwamba "kuonekana" hakumaanishi jicho limetua hapo. Tokeo likiwa kwenye ukurasa uliofunguliwa, linahesabiwa hata kama mtu hakushuka kulifikia. Kwa nafasi ya 6 au 7 kwenye simu, pengine wengi hawakushuka. Ndiyo maana simwambii kamwe mteja kwamba "watu 420 walikuona wakakukataa". Si kweli, na inaumiza bure.

Hatua ya pili: amua nini kinabadilika na nini kinabaki

Kichwa nilichokiandika kwanza kilikuwa `Swahili Food Menu & Prices | Biryani, Pilau – South B`. Kina herufi 53, kwa hiyo hata kwenye simu hakikatwi sana. Jina la mkahawa sikuliweka, kwa kuwa siku hizi Google huonyesha jina la tovuti juu ya kila tokeo. Ukilirudia, unakula nafasi ya neno ambalo mteja analitafuta.

Kwa nini Kiingereza, wakati mkahawa ni wa Kiswahili na mwenyewe anaongea Kiswahili? Kwa sababu hivyo ndivyo watu wa South B walivyoandika. Waliandika `biryani` kwa y, wakaandika `prices`, na kwenye orodha sikuona aliyeandika "bei za biriani". Moyo wangu ungependa iwe vingine, lakini kichwa hiki kazi yake ni kumjibu aliyeuliza kwa maneno aliyouliza nayo. Ndani ya menyu "biriani" imebaki kama mama alivyoiandika.

Yapo mambo mawili ambayo sikuyagusa hata kidogo. La kwanza ni anwani ya ukurasa. Mama alikuwa ameshachapisha stika za QR na kuzibandika kwenye meza zote, na kila stika inaelekea `/menu`. Ukibadilisha anwani ili ifanane na kichwa kipya, mteja aliyekaa na njaa akiskani anaweza kukutana na ukurasa usiopatikana. Kichwa na anwani ni vitu viwili tofauti, na kimoja kinaweza kubadilika kingine kikabaki.

La pili ni jina `Karamu ya Pwani` lenyewe. Lilibaki juu ya menyu kwa herufi kubwa. Niliongeza maneno matatu tu pembeni yake, kwa sababu Google huangalia pia kichwa kikubwa kilicho ndani ya ukurasa, na kikiwa hakifanani kabisa na ulichokiandika, inaweza kukichukua hicho cha ndani na kukionyesha badala ya chako.

```html
<title>Swahili Food Menu &amp; Prices | Biryani, Pilau – South B</title>
<h1>Karamu ya Pwani: Swahili food menu</h1>
```

Ukishahifadhi, fungua `URL Inspection`, weka anwani ya ukurasa, bonyeza `Request Indexing` kuiomba Google iusome upya. Kisha toka nje ya kompyuta: chukua simu, skani stika moja ya mezani, uone menyu inafunguka. Barua yangu ina sentensi inayosema nimeskani, na siwezi kuiandika kabla sijafanya.

Hatua ya tatu: andika barua

Mada ya barua ibebe habari na utulivu kwa pamoja. Mwenye mkahawa huisoma kwenye simu kati ya oda na oda, pengine mkono mmoja una unga. Asipofungua, mada pekee imtoshe.

Hii ndiyo niliyomtumia.

> Mada: Kichwa cha ukurasa wa menyu kimebadilika leo (menyu yenyewe haijaguswa)
>
> Shikamoo Mama,
>
> Leo asubuhi nimebadilisha kichwa cha ukurasa wa menyu, yaani ule mstari mkubwa mtu anaouona Google kabla hajaingia kwenye tovuti yako. Kilikuwa "Karamu ya Pwani". Sasa kinasomeka "Swahili Food Menu & Prices | Biryani, Pilau – South B".
>
> Vyakula, bei, picha na anwani ya ukurasa viko vilevile. Stika za mezani zinafanya kazi kama jana, nimeskani moja mwenyewe. Na jina Karamu ya Pwani bado liko juu ya menyu kwa herufi kubwa, mteja akishafungua.
>
> Sababu ni hii. Google hutuonyesha maneno ambayo watu waliandika ukurasa wako ukatokea. Kwa miezi mitatu iliyopita, hapa Kenya, walioandika "biryani south b", "swahili food south b" na "swahili dishes menu prices" wametufanya tutokee mara 920. Waliobonyeza ni 10. Hawa ni watu ambao bado hawajui jina la mkahawa wako. Wako karibu, wana njaa, wanataka kujua kuna nini na ni bei gani. Mtu kama huyo akisoma "Karamu ya Pwani" peke yake, hawezi kujua kama ni mkahawa, ukumbi wa harusi au watu wa kupikia sherehe.
>
> Nimeandika "biryani" kwa y kwa sababu hivyo ndivyo walivyoandika wao. Ndani ya menyu biriani yako nimeiacha kama ulivyoiandika.
>
> Nina swali moja kwako: biriani inapatikana kila siku? Kama ni siku fulani tu, niambie ni zipi, nirekebishe kichwa leo leo. Sitaki mtu afunge safari ya Jumanne akaikosa.
>
> Itachukua siku kadhaa, pengine wiki chache, kabla Google haijaonyesha kichwa kipya kwa kila mtu. Wakati mwingine Google huandika kichwa chake yenyewe. Ukiona maneno ambayo si haya, nitumie picha ya skrini.
>
> Nitakuandikia tena baada ya wiki tano nikiwa na hesabu. Na kama moyo wako haukubali, nijibu tu "rudisha". Kile cha zamani nimekihifadhi, nitakirudisha siku hiyohiyo.
>
> Nakutakia mauzo mema, Mama.

Mpangilio huo nimeupata kwa kukosea. Zamani nilianza na takwimu, kisha sababu, na mabadiliko yakaja mwishoni, na mwenye biashara akawa anasoma aya tatu akiwa na hofu ya jambo asilolijua. Sasa kitu kilichobadilika kinatangulia, cha zamani na kipya vikiandikwa bega kwa bega neno kwa neno. Kinachofuata ni orodha ya vilivyobaki salama, kwa sababu swali lake la kwanza daima ni "na bei zangu je?". Sababu inaingia akiwa ameshatulia.

Kwenye sababu, maneno ya wateja wake yana nguvu kuliko neno lolote la kazi yangu. Siandiki "asilimia ya mibonyezo". Naandika mara 920 na watu 10, na naweka maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, herufi ndogo na yote. Mama yule aliniambia baadaye kwamba aliposoma "biryani south b" aliona kama anawasikia watu wamesimama nje ya mlango wake wakiulizana njia.

Lile swali la biriani si adabu tu. Kichwa ni ahadi, na mimi niliyekaa mbele ya takwimu sijui jikoni kunapikwa nini Jumanne. Jibu lake lilikuja ndani ya saa moja: "Mwanangu, pilau ni kila siku. Biriani ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu, nyama yake naiweka viungo usiku." Kwa hiyo kichwa changu, nilichokuwa nimekifurahia, kilikuwa na kosa kwa siku nne za wiki. Nikakiandika upya:

```html
<title>Swahili Food Menu &amp; Prices | Biryani Fri–Sun – South B</title>
```

Kimeongezeka herufi moja tu. Juu kabisa ya menyu tukaweka mstari: "Pilau kila siku. Biriani Ijumaa hadi Jumapili." Nikamtumia barua ya pili ya sentensi mbili, yenye kichwa cha asubuhi na kichwa kipya. Hata badiliko dogo kama hilo liandikie barua, vinginevyo barua ya kwanza inakuwa si kweli tena na hana namna ya kujua.

Neno `Prices` nalo lina deni lake. Bei za mafuta ya kupikia na mchele zikipanda, mama hubadilisha bei kwenye ubao wa ukutani siku hiyohiyo, na tovuti inasahaulika. Mteja aliyeingia kwa sababu uliahidi bei, akakuta nyingine mezani, atahisi ameibiwa. Tulikubaliana akibadilisha ubao, anaupiga picha ananitumia, na mimi narekebisha ukurasa kabla ya jioni. Na bei ziwe maandishi. Menyu nyingi za hapa mjini zimewekwa kama picha moja iliyopigwa kutoka kwenye kadi. Kwenye simu mtu anaivuta kwa vidole hadi anachoka, na Google haiwezi kuitegemea kama maandishi yaliyoandikwa kwenye ukurasa.

Hatua ya nne: akisema "rudisha"

Wapo watakaosema. Rudisha bila kubishana, halafu umpe njia ya katikati: `Karamu ya Pwani | Swahili Food Menu & Prices – South B`. Jina lake linatangulia, maneno ya wateja yanafuata. Si kizuri kama kile cha kwanza kwa sababu biriani imetoka, lakini ni bora mara nyingi kuliko jina peke yake. Usichopaswa kukifanya ni kuhamishia maneno hayo kwenye jina la biashara kule kwenye ramani za Google, ukaandika "Biryani South B" kama sehemu ya jina. Kule kanuni inataka jina halisi la biashara kama linavyosomeka kwenye kibao cha nje, na wasifu unaweza kusimamishwa. Kwa mkahawa wa mtaani, kupotea kwenye ramani ni hasara kubwa kuliko kichwa chochote kibaya.

Hatua ya tano: barua ya hesabu

Uliahidi wiki tano, timiza. Usianze kuhesabu siku uliyobadilisha. Anza siku ulipokiona kichwa kipya kwenye matokeo kwa macho yako, ukitafuta kwa dirisha la faragha. Kwa mama ilikuwa siku ya sita. Chukua siku 28 kuanzia hapo, tumia `Compare`, zipambanishe na siku 28 za kabla ya badiliko. Siku 28 zina wiki nne kamili, kwa hiyo Ijumaa zinalingana na Ijumaa. Kama kipindi kimoja kimeangukia Ramadhani, usilinganishe kabisa. Chakula cha Kiswahili mwezi huo kinatafutwa kivingine, na utasifia kichwa kwa kazi iliyofanywa na futari. Subiri, au linganisha na Ramadhani iliyopita, kwani Search Console hutunza miezi 16.

Soma neno kwa neno, usisome jumla. `biryani south b` lilikuwa limeonekana mara 138 na kubonyezwa 2 kabla, likawa mara 144 na kubonyezwa 7 baadaye, nafasi ikiwa ile ile ya 7. Nafasi kutobadilika ni habari njema kwa anayepima: kama ukurasa ungepanda hadi nafasi ya 3, mibonyezo ingeongezeka hata kwa kichwa cha zamani.

Lakini 2 kuwa 7 ni watu watano. Sikumwandikia mama kwamba wateja wameongezeka zaidi ya mara tatu, ingawa kwa kugawanya ni hivyo. Nilimwandikia kwamba waliobonyeza kwa neno hilo walikuwa 2 na sasa ni 7, kwamba ni wachache mno kuhukumu, na kwamba wapo ambao hatuwaoni kabisa: wanaompata kwenye ramani na kupiga simu moja kwa moja hawapiti kwenye ukurasa wa menyu. Nikamwomba kwa mwezi mmoja wahudumu wawaulize wageni wapya wa Ijumaa walimjuaje, na waandike mstari mmoja kwenye daftari la kaunta.

Juzi nilipita kula. Daftari liko kando ya mashine ya kadi, limepata doa la ukwaju, na ukurasa wa Ijumaa iliyopita una mistari minne inayosema "Google, biriani".